Mkeka wa darasa la sita: wawili wana jumla 231, mmoja wa 4 mwingine wa 5. Nimekosea wapi?

ChakiNyeupe (saa 1:40 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita, shule ya msingi, watoto 47. Tumefanya mtihani wa kufunga muhula, masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Leo mchana mkeka umebandikwa ukutani. Haikupita saa moja wakaja wazazi wawili, majirani, kila mmoja ameshika ripoti ya mtoto wake. Watoto wote wawili wana 231. Mmoja nimemwandikia nafasi ya 4, mwingine ya 5. Mzazi wa huyo wa 5 akaniuliza kwa upole tu, "Mwalimu, mwenzake amemzidi nini?" Sikuwa na jibu.

Mwalimu wa taaluma ameniambia niubandue, niulete kesho asubuhi ukiwa sahihi, maana keshokutwa tunafunga na watano bora wanapewa zawadi. Hawa ndio saba wa juu, nimeweka namba za daftari badala ya majina. Mpangilio ni Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Maarifa ya Jamii, Uraia, halafu jumla na nafasi:

```
12: 45 41 43 46 40 42 = 257  (1)
31: 44 38 47 42 39 41 = 251  (2)
07: 43 40 36 41 42 38 = 240  (3)
19: 41 37 40 39 38 36 = 231  (4)
26: 42 35 38 40 37 39 = 231  (5)
33: 40 36 41 38 35 39 = 229  (6)
04: 39 41 34 37 40 36 = 227  (7)
```

Jumla nimeweka kwa `=SUM(D5:I5)` na wastani `=AVERAGE(D5:I5)`, nikaburuta mpaka mstari wa 51. Nafasi niliwapanga kuanzia mwenye jumla kubwa, kisha nikaandika 1, 2, 3 na kuburuta chini. Swali langu ni hili: hao wawili wote wawe wa 4? Na huyo wa 229 awe wa 5 au abaki wa 6? Ofisini tumegawanyika.

DogoFomula (saa 1:52 usiku)

Ticha, nafasi haiandikwi kwa mkono hata siku moja. Ukiburuta 1, 2, 3 komputa inahesabu mistari tu, haijui kama kuna waliofungana. Weka hii kwenye L5 kisha buruta:

```
=RANK(J5,J5:J51)
```

Waliofungana itawapa namba moja yenyewe. Kazi ya dakika moja hiyo, ukalale.

MamaTunu (saa 1:58 usiku)

Mimi si mwalimu, ni mzazi, ila hii imenigusa. Mwaka jana mwanangu aliletewa ripoti ya nafasi ya 3, tukachinja kuku. Wiki ya pili tukaambiwa kulikuwa na makosa, ni wa 8. Kuku keshaliwa. Mtoto alikataa kwenda shule siku mbili. Walimu mnaona ni namba, nyumbani si namba.

SabaBora (saa 2:03 usiku)

Mwalimu mbona unahangaika na jumla? Chukua masomo saba aliyofanya vizuri, A pointi 1, B pointi 2, C 3, D 4, F 5, jumlisha. Pointi 7 mpaka 17 divisheni wani, 18 mpaka 21 divisheni tuu. Wenye pointi sawa wako sawa, mambo ya 231 hayapo.

TaalumaKata (saa 2:10 usiku)

SabaBora, hayo ni ya sekondari, kaka. Huyu ana masomo sita tu, hizo saba bora atazitoa wapi?

ChakiNyeupe, kabla hatujabishana kuhusu 5 na 6, kuna jambo linanitia wasiwasi zaidi. Umesema jumla umetumia SUM na wastani umetumia AVERAGE. Fomula hizo mbili hazihesabu kwa namna moja pakiwa na seli yenye kasoro. SUM ikikuta seli tupu au yenye maandishi inairuka, jumla inapungua. AVERAGE nayo inairuka, lakini pia inapunguza kigawanyo, yaani inagawa kwa tano badala ya sita. Kwa hiyo mtoto mwenye kasoro utamjua kwa sababu jumla yake na wastani wake havielewani. Weka hii kwenye kolamu ya M, mstari wa 5, buruta hadi 51:

```
=ROUND(K5*6-J5,2)
```

Kila mstari usome sifuri. Usiotoa sifuri, niletee hapa wote jinsi ulivyo.

ChakiNyeupe (saa 2:21 usiku)

DogoFomula, nimejaribu ya kwako. WOTE WAMEKUWA WA KWANZA. Darasa zima, watoto 47, mpaka yule mwenye 58. Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuangalia.

TaalumaKata, nimeweka ya kwako. Mistari 45 ni sifuri. Miwili si sifuri:

```
15: 39 40 42 43 38 37 = 196, wastani 39.20, M = 39.20
40: 36 33 35 37 __ 34 = 175, wastani 35.00, M = 35.00
```

Namba 40 namfahamu, alikuwa na malaria siku ya Maarifa, hakufanya. Namba 15 sielewi, alama zake zote sita zipo. Nilimpa nafasi ya 16.

TaalumaKata (saa 2:29 usiku)

Mjumlishe namba 15 kwa kalamu. 39 na 40 ni 79, na 42 ni 121, na 43 ni 164, na 38 ni 202, na 37 ni 239. Mkeka wako unasema 196. Pungufu ni 43, ambayo ndiyo alama yake ya Sayansi. Ile 43 inaonekana kwa macho lakini kwa komputa ni maandishi, kama mtu ameandika jina. SUM imeiruka.

Ona na wastani: 196 ukigawa kwa 5 unapata 39.20. Mtoto mwenye wastani wa 39.20 kawekwa wa 16, na wenye 231, ambao wastani wao ni 38.50, wako wa 4. Hilo lilikuwa linaonekana kwenye karatasi ukutani, mtu angelitazama tu.

Hiyo alama uliiandika mwenyewe au uliibandika kutoka mahali?

ChakiNyeupe (saa 2:36 usiku)

Daah. Nimekumbuka. Mwalimu wa Sayansi alinitumia WhatsApp baadaye, akasema huyo mtoto hakumjumlishia swali la mwisho, si 41 ni 43. Nikanakili kutoka kwenye ujumbe nikabandika. Nimefuta nikaandika 43 upya kwa vidole, jumla imeruka ikawa 239 na wastani 39.83.

Kumbe basi huyu ndiye wa 4! Na wale wawili waliokuwa wanagombania 4 na 5, wote ni wa 5?

TaalumaKata (saa 2:40 usiku)

Wote ni wa 5. Wazazi walikuja kuuliza kosa dogo, nyuma yake kulikuwa na kubwa ambalo hakuna aliyeliuliza, kwa sababu mzazi wa namba 15 hakuja.

Kwa kawaida namba iliyo maandishi hujibanza kushoto mwa seli, na namba halisi hukaa kulia. Wakati mwingine kuna kipembe cha kijani pembeni. Ila nadhani wewe uliweka kila kitu katikati ili mkeka upendeze, ndiyo maana hukuona.

ChakiNyeupe (saa 2:42 usiku)

Katikati kabisa, na rangi ya bluu.

DogoFomula (saa 2:47 usiku)

Samahani ticha kwa ile ya wote kuwa wa kwanza, niliandika haraka kwenye simu. Nilisahau alama za dola. Ukiburuta bila dola, eneo la kulinganisha linateremka pamoja na wewe, kwa hiyo kila mtoto analinganishwa na walio chini yake tu. Na kwa kuwa uliwapanga kuanzia juu, hakuna wa chini anayemzidi. Hii ndiyo yenyewe:

```
=RANK(J5,$J$5:$J$51)
```

Lakini kuhusu makosa ya kujumlisha, mbona kuna njia rahisi kuliko hiyo ya kolamu ya M? Jumlisha kila somo kwenda chini, mstari wa 52, halafu jumlisha hizo jumla sita. Kisha jumlisha kolamu ya J yote. Zikikutana, mkeka ni safi. Ndivyo nilivyofundishwa.

ChakiNyeupe (saa 2:55 usiku)

Nafasi sasa zimekaa vizuri: 1, 2, 3, 4, 5, 5, 7, 8. Asante Dogo, umesamehewa.

Ila hiyo ya kukutana, mimi niliifanya jana kabla ya kubandika! Nina picha ya skrini: kwenda chini 8,114 na kwenda kando 8,114. Zilikutana kabisa, ndiyo maana nikawa na uhakika. Sasa zote zimekuwa 8,157.

TaalumaKata (saa 3:04 usiku)

Hapo ndipo penye mtego, na Dogo hayuko peke yake. Ukijumlisha kwenda chini kwa SUM na kwenda kando kwa SUM, ile 43 ya maandishi inarukwa mara mbili. Haimo kwenye jumla ya Sayansi na haimo kwenye jumla ya mtoto. Pande zote mbili zimepungua 43, lazima zikutane. Kukutana kunakwambia fomula zako zimeshika eneo lile lile. Kunasaidia kama SUM ya mtoto mmoja imeishia H badala ya I. Hakukwambii kwamba alama zote zimehesabiwa.

Kinachosaidia hapo ni kuhesabu vichwa. Chini ya kila somo weka mistari miwili:

```
=COUNT(D5:D51)
=COUNTA(D5:D51)
```

Ya kwanza inahesabu seli zenye namba halisi, ya pili inahesabu seli zenye kitu chochote. Una watoto 47. Zote mbili zikisema 47, somo limekamilika. Ya pili ikisema 47 na ya kwanza 46, kuna namba feki mahali au mtu kaandika ABS. Zote zikisema 46, kuna seli tupu.

ChakiNyeupe (saa 3:11 usiku)

Maarifa zote 46, ndiye huyo wa malaria. Mengine yote 47 na 47. Nimerudisha faili la jana ili nione: Sayansi ilikuwa COUNT 46, COUNTA 47. Lingeonekana.

Mwl_Lushi (saa 3:15 usiku)

Bandugu, mi niko mwalimu huku Lubumbashi. Fomula zenu kwangu zinakataa, kwa sababu Excel yangu ni ya Kifaransa. Kama kuna mwingine wa huku: ni `SOMME`, `MOYENNE`, `RANG`, na COUNT ni `NB`. Na katikati munaweka `;` hamuweke koma, kwa sababu koma ni ya desimali.

Pia huku masomo hayana alama sawa, moja ni 20, lingine 40, kila moja na maksima yake. Kwa hiyo ile ya kuzidisha wastani mara sita kwetu haifanye kazi. Sisi tunaweka jumla ya point juu ya jumla ya maksima, tunatoa asilimia. Ukichukua asilimia za kila somo ukatafuta wastani wake, unapata namba nyingine kabisa, na watoto wanabadilishana nafasi. Tuligombana sana juu ya hiyo.

MzeeLeja (saa 3:22 usiku)

Nimewasoma vijana. Mimi nilikuwa karani wa hesabu chama cha ushirika wa pamba, miaka ya leja na wino, hizo fomula sizijui sana. Lakini naona hakuna aliyemuuliza mwalimu swali ambalo sisi tungeanza nalo. Hizo alama zilizomo kwenye mashine, ndizo zilizomo kwenye karatasi za walimu wa masomo? Mashine inajumlisha vizuri hata ulichokiandika vibaya.

Kila mwalimu wa somo ana karatasi yake ya alama. Waombe wajumlishe kwenda chini kwa kikokotoo chao, wao wenyewe, wakutumie namba moja tu. Wewe linganisha na mstari wako wa 52.

ChakiNyeupe (saa 3:26 usiku)

Shikamoo Mzee. Ngoja niwatumie kwenye kundi, watatu wako macho najua, wanaangalia mpira.

ChakiNyeupe (saa 3:58 usiku)

Wamejibu wanne. Kiswahili sawa. Sayansi sawa baada ya ile 43. Uraia sawa. Hisabati HAPANA: yeye amepata 1,286, mimi nina 1,268. Tofauti 18. Anaapa amejumlisha mara mbili. Nianze kukagua watoto 47 mmoja mmoja usiku huu?

MzeeLeja (saa 4:05 usiku)

Marahaba. Usianze na 47. Igawe hiyo 18 kwa 9. Inagawanyika bila baki, jibu ni 2. Tofauti ikigawanyika kwa 9, shuku kwanza kwamba mtu amegeuza tarakimu, ameandika ya mbele nyuma. Mtu akigeuza tarakimu mbili, tofauti huwa ni 9 mara tofauti ya tarakimu zenyewe. Kwako ni 2, kwa hiyo tafuta alama ambayo tarakimu zake zimepishana kwa mbili.

Mashine yako ndiyo iliyopungua, basi ilipaswa kuwa kubwa ikaandikwa ndogo: 20 imekuwa 2, au 31 imekuwa 13, au 42 imekuwa 24. 53 haiwezekani kwa kuwa mwisho ni 50. Tazama kolamu ya Hisabati, tafuta 2, 13 na 24 tu, hao ndio uwalinganishe na karatasi ya mwalimu.

DogoFomula (saa 4:07 usiku)

Mzee hii ni uchawi au?

MzeeLeja (saa 4:10 usiku)

Hesabu ya darasa la nne, kijana. 42 ni makumi manne na mbili, 24 ni makumi mawili na nne, toa. Ila si hakika kila mara. Makosa mawili ya 9 kila moja nayo yanatoa 18, na mtu anaweza kukosea 18 kwa njia nyingine. Na makosa mawili yakipingana, moja limezidi 5 na jingine limepungua 5, jumla zitakutana na hutajua chochote. Nilikaa siku tatu natafuta senti kwa sababu hiyo.

ChakiNyeupe (saa 4:19 usiku)

NIMEMPATA. Kolamu nzima ilikuwa na 13 mbili na 24 nne, 2 hakuna. Mwalimu wa Hisabati kanitumia picha ya karatasi yake, nimeangalia sita tu. Namba 22:

```
22: 37 36 24 39 38 37 = 211   kwangu
22: 37 36 42 39 38 37 = 229   kwenye karatasi
```

Na ukimtazama hivi unaona kabisa, mtoto wa thelathini na kitu kila mahali, Hisabati 24 inatoka wapi? Nilimweka wa 11. Sasa kafungana na namba 33, wote 229. Kolamu ya nafasi imejibadilisha yenyewe: 1, 2, 3, 4, 5, 5, 7, 7, 9. Jumla kuu 8,175 pande zote.

SabaBora (saa 4:24 usiku)

Haya nimerudi, nimesoma vizuri sasa. Hapo kwenye 5, 5, 7 sikubaliani. Baada ya 5 inakuja 6. Hii ya kuruka inamwonea huyo wa 229, amepigwa chini mara mbili kwa sababu ya wenzake kufungana. Mimi ningeandika 5, 5, 6, 6, 7.

TaalumaKata (saa 4:33 usiku)

Jiulize nafasi maana yake nini kwenye ripoti. Kwangu mimi ni idadi ya waliokuzidi, ongeza moja. Huyo wa 229 wamemzidi watoto sita, kwa hiyo ni wa 7. Fomula ya RANK ukiitafsiri ndiyo hii, jibu ni lile lile:

```
=COUNTIF($J$5:$J$51,">"&J5)+1
```

Na kwenye ripoti pameandikwa "nafasi ya ... kati ya 47". Ukihesabu bila kuruka, wa mwisho darasani anaweza kuwa wa 41 kati ya 47, mzazi wake akaenda nyumbani anajua kuna sita chini ya mwanawe, kumbe hakuna hata mmoja. Ila zipo shule zinahesabu bila kuruka na wazazi wao wamezoea. Nisichokubali ni muhula huu hivi, muhula ujao vile.

SabaBora (saa 4:37 usiku)

Hoja ya wa mwisho nimeielewa. Ya katikati bado.

DogoFomula (saa 4:41 usiku)

Si mkate mzizi wa fitina? Waliofungana waangaliwe Hisabati, mwenye kubwa atangulie. Kuna shule nimeona wanafanya hivyo.

ChakiNyeupe (saa 4:48 usiku)

Nimejaribu kwenye hao wa 231. Namba 19 ana Hisabati 40, namba 26 ana 38, kwa hiyo 19 anatangulia. Lakini nikitumia Kiswahili, 26 ana 42 na 19 ana 41, anatangulia 26. Nikienda Sayansi ni 26 tena, 40 kwa 39. Na hao wazazi ni majirani wanaochota maji bomba moja. Nitawaambia nini, kwamba ofisini tumependa Hisabati?

TaalumaKata (saa 4:53 usiku)

Kama kanuni ilikuwepo na ilitangazwa kabla ya mtihani, itumie. Kuitunga usiku wa leo, ukiwa tayari unajua itamfaa nani, hapana. Wote wa 5.

Jambo jingine dogo. Taaluma wakikuambia wastani uwe namba kamili, badilisha muonekano wa seli tu, usiweke ROUND halafu ukapanga nafasi kwa huo wastani. Wa 229 ana 38.17, wa 227 ana 37.83. Ukizikamilisha zote zinakuwa 38, na namba 04 anafungana na watu aliozidiwa nao alama mbili. Panga kwa jumla siku zote, wastani uwe wa kusoma tu.

MamaTunu (saa 5:02 usiku)

Na huyo wa malaria mbona mmemsahau? Namba 40. Mnamwandikia nini?

ChakiNyeupe (saa 5:10 usiku)

Sijamsahau mama, nilikuwa namkwepa. Ana 175 kwa masomo matano. Nikimpa sifuri ya Maarifa wastani wake ni 29.17. Nikigawa kwa matano aliyofanya ni 35.00, anawapita wengi ambao wamefanya yote sita.

SabaBora (saa 5:14 usiku)

Hakufanya ni hakufanya. Sifuri.

MamaTunu (saa 5:16 usiku)

Sifuri ni mtu aliyekaa akashindwa. Huyu alikuwa hospitali.

TaalumaKata (saa 5:25 usiku)

Kwetu tunaandika ABS kwenye somo, jumla tunaiacha ya masomo aliyofanya, na kwenye nafasi tunaweka kistari. Hapangwi. Ukifanya hivyo inabidi waliopangwa wawe 46, na fomula yako ya nafasi isimhesabu yeye, la sivyo 175 yake itaendelea kuwasukuma walio chini yake. Mtoe kwenye orodha, mweke mstari peke yake chini ya mkeka. Lakini mzazi wake naye atakuja kuuliza mbona mwanangu hana nafasi. Nimeshawahi kujibu swali hilo, na sidhani nililijibu vizuri.

MzeeLeja (saa 5:31 usiku)

Si apewe mtihani wa Maarifa kesho asubuhi, kabla ya kufunga? Maswali yapo.

ChakiNyeupe (saa 5:36 usiku)

Maswali yapo Mzee, na majibu yapo, yamebandikwa darasani tangu Jumatatu.

ChakiNyeupe (kesho yake, saa 4:15 asubuhi)

Mrejesho. Kiingereza na Maarifa wamenipa jumla zao asubuhi, zote zimekubali. Mwalimu wa taaluma amekagua, amekubali 5, 5, 7, 7, 9. Nimeenda mwenyewe nyumbani kwa mzazi wa namba 15, nimemwambia mwanao si wa 16, ni wa 4. Kanitazama muda mrefu, kisha akauliza kama ninao uhakika safari hii. Nikamfungulia daftari, tukajumlisha naye, 239.

Kwa namba 40 mwalimu mkuu amesema kistari kwanza, bodi ya shule waamue. Na zawadi zilizonunuliwa ni za watano, madaftari makubwa matano matano na kalamu. Waliofika nafasi ya 5 ni sita. Mhasibu wetu anasema fungu limeisha. Nimetoka kununua hayo matano ya sita kwa hela yangu, duka la jirani wana yenye jalada jekundu tu, mengine yote ni ya bluu.

MamaTunu (saa 4:22 asubuhi)

Changanya mwalimu, kila mtoto apate moja jekundu na manne ya bluu. Litakalobaki la bluu... hebu ngoja, watoto sita, mekundu matano.

DogoFomula (saa 4:24 asubuhi)

Naleta COUNTIF.